UZI: Mchumaji chai analipwa "mia kwa saa" au "thelathini kwa saa"? Wacha tupige hesabu

1/
Kila msimu wa siasa ukianza huku kwetu Kericho, mjadala wa malipo ya wachumaji chai unarudi. Juzi kwenye redio mmoja alisema mchumaji mwenye bidii anapata zaidi ya shilingi mia kwa saa, kwa hivyo hakuna cha kulalamika. Mwenzake akajibu kwamba mchumaji hapati hata thelathini, huo ni utumwa. Wasikilizaji wakapiga simu, kila mtu na upande wake, na kipindi kikaisha bila mtu hata mmoja kupiga hesabu.

2/
Mimi nilichukua daftari la jirani yangu, mama ambaye amechuma chai kwa mashamba ya wakulima wadogo kwa miaka mingi. Sitamtaja jina. Tulikaa naye jioni mbili, daftari lake na kikokotoo cha simu. Tulichogundua ni kwamba mia kwa saa iko kwenye daftari hilo. Thelathini kwa saa pia iko. Mtu ni yule yule na bei ya kilo ni ile ile. Uzi huu ni wa kueleza inawezekanaje.

3/
Kwanza tuelewane kuhusu aina mbili za malipo. Ukilipwa kwa saa au kwa siku, mwajiri ananunua muda wako. Mvua ikinyesha, lori likichelewa, yeye ndiye anapoteza. Ukilipwa kwa kilo, ananunua majani tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inaeleza kazi ya kipande hivyo hivyo: malipo yanafuata kiasi cha kazi iliyofanywa, bila kujali muda uliotumika. Hayo maneno ya mwisho, "bila kujali muda", ndiyo yanaleta ubishi wote.

4/
Huyu mama analipwa Sh 12 kwa kilo. (Bei hutofautiana shamba kwa shamba, kwa hivyo ukipiga hesabu yako tumia bei yako.) Wiki moja ya mwezi wa tano, mvua ikiwa nzuri na majani yanachipuka, daftari linasema hivi:

Jumatatu kilo 58
Jumanne 61
Jumatano 55
Alhamisi 49
Ijumaa 60
Jumamosi 53

Jumla kilo 336. Zidisha kwa 12, unapata Sh 4,032.

5/
Sasa swali ni hili: hizo Sh 4,032 tuzigawe kwa saa ngapi? Hapa ndipo wanasiasa wanaachana njia, na hawatuambii.

Anaingia shambani saa moja asubuhi. Anachuma mpaka saa nane mchana, na katikati ana nusu saa ya chai. Hizo ni saa 6 na nusu za mikono kwenye majani. Kwa siku sita ni saa 39.

4,032 ÷ 39 = Sh 103 kwa saa.

Ndio ile "mia na zaidi" ya redioni. Si uongo. Imetoka kwa daftari.

6/
Lakini saa nane kazi haijaisha. Kuna kubeba majani kutoka shambani hadi kituo cha kununulia, kuyamwaga mezani na kutoa majani magumu ambayo karani atakataa, kupanga foleni, kupimiwa, halafu kungoja lori la kiwanda. Hawezi kuyaacha hapo aende nyumbani, maana yakipata joto ndani ya mfuko yanageuka mekundu, na hayo hayanunuliwi. Siku ya kawaida anatoka kituoni saa kumi na moja jioni.

Hizo ni saa 3 zaidi kila siku. Jumla ya siku ni saa 9 na nusu (nusu saa ya chai tumeiacha nje). Kwa wiki ni saa 57.

7/
4,032 ÷ 57 = Sh 70.70 kwa saa.

Pesa hazijabadilika hata shilingi. Tumebadilisha tu kile tunachogawia, na mia imeshuka hadi sabini. Kwa hivyo mtu akikutajia malipo ya saa ya mfanyakazi wa kilo, swali la kwanza si "umetoa wapi hiyo pesa?" Muulize, "umehesabu saa gani?"

8/
Mtu atasema, "lakini kungoja si kufanya kazi, anapiga tu story." Kipimo changu ni rahisi: je, anaweza kuondoka? Kama anaweza kwenda kulima kwake au kupika, basi huo ni muda wake. Kama akiondoka majani hayapimwi na pesa hazipati, huo ni muda wa kazi. Ndiyo maana niliacha nje nusu saa ya chai, na pia njia ya asubuhi kutoka nyumbani. Hata mwalimu na mlinzi wanatembea kwenda kazini bila kulipwa. Tukitaka hesabu ya haki, tusiongeze saa za huruma.

9/
Kitu cha pili ni gharama. Gambuti na ile karatasi ya plastiki ya kujifunga kiunoni ananunua mwenyewe. Vilimgharimu Sh 1,500 na vinamfikisha kama siku 150 za kazi, kisha miiba na umande vinavimaliza. Hiyo ni Sh 10 kwa siku, Sh 60 kwa wiki.

4,032 − 60 = 3,972
3,972 ÷ 57 = Sh 69.70 kwa saa

Ni shilingi moja tu imetoka. Nimeiweka makusudi, kwa sababu kuna watu hupenda kusema gharama za vifaa ndizo zinamaliza mchumaji. Kwa kesi hii sivyo. Kinachokula pesa ni muda.

10/
Sasa tufungue ukurasa wa mwezi wa pili. Kiangazi. Majani yanachipuka polepole, kwa hivyo mkulima anarefusha siku kabla ya kurudia sehemu ile ile. Wiki hiyo mama aliitwa siku nne tu: kilo 24, 19, 27 na 22. Jumla kilo 92, ambayo ni Sh 1,104.

Kuna siku ya tano pia. Alifika, akangoja saa 2, mkulima akakagua shamba na kusema majani hayajafika, rudini nyumbani. Kwenye daftari siku hiyo haiko kabisa. Niliipata kwa kumuuliza tu.

11/
Saa za wiki hiyo: siku nne za saa 8 na nusu (saa 6 za kuchuma, saa 2 na nusu za kubeba na kungoja) ni saa 34. Ongeza zile saa 2 za kurudishwa, unapata 36. Toa Sh 40 za vifaa.

1,104 − 40 = 1,064
1,064 ÷ 36 = Sh 29.60 kwa saa

Hii ndio ile "thelathini" ya yule wa pili redioni. Pia si uongo.

12/
Angalia vizuri kilichofanyika kiangazi. Mama hakupunguza bidii. Lori halikubadilika, foleni ni ile ile, na kutembea ni kule kule. Kilichopungua ni majani kwenye kichaka. Mtu wa kulipwa kwa siku angepata pesa yake ya siku, na hasara ya kiangazi ingekuwa ya mkulima. Malipo ya kilo yameihamisha hasara hiyo, ikatoka kwa mwenye shamba ikaenda kwa mwenye kikapu. Mwezi wa tano faida ya mvua nayo inahamia kwake kiasi. Biashara yenyewe ni hiyo, na mjadala wa kweli ungekuwa kama bei ya kilo inamlipa mtu kwa kubeba hiyo hatari.

13/
Kwa hivyo malipo yake ya saa ni ngapi, 70 au 30? Hapa kuna mtego ambao hata watu wanaomtetea mfanyakazi huanguka ndani. Wanajumlisha 69.70 na 29.60, wanagawa kwa mbili, wanatangaza "49.60". Hiyo si sawa, kwa sababu wiki hizo mbili hazina saa sawa. Jumlisha pesa zote, kisha jumlisha saa zote, ndio ugawe:

(3,972 + 1,064) ÷ (57 + 36)
5,036 ÷ 93 = Sh 54.15 kwa saa

Ukitumia njia mbaya umempunguzia shilingi nne na nusu, na yule unayebishana naye akikupata hapo, hoja yako yote inaonekana ya uongo.

14/
Tena hata 54 inachukulia kwamba mwaka una wiki nzuri na mbaya sawa kwa sawa. Nilimuuliza mama, akasema kwake ni kama wiki mbili nzuri kwa kila moja mbaya. Rudia hesabu kwa uzito huo:

(3,972 × 2 + 1,064) ÷ (57 × 2 + 36)
9,008 ÷ 150 = Sh 60 kwa saa

Mimi nikiulizwa redioni, jibu langu ni hilo: kama shilingi sitini kwa saa, kwa huyu mama, kwa bei ya 12 na kwa mwaka wenye mvua ya kawaida. Halina kishindo cha mia wala cha thelathini, lakini unaweza kulikagua mstari kwa mstari.

15/
Je, ni bora kuliko kibarua cha siku? Jirani mwingine hutoa kibarua cha jembe kwa Sh 400, saa mbili asubuhi hadi saa nane. Ni saa 6, kwa hivyo Sh 66.70 kwa saa.

Kiangazi jembe linashinda chai kwa mbali. Mwezi wa tano, kwa saa, ni karibu sare: 69.70 dhidi ya 66.70. Lakini kwa siku nzima chai inaleta wastani wa Sh 662 na jembe Sh 400. Mama mwenye karo ya kulipa ataenda chai, kwa sababu kibarua cha jembe hakimpi hizo saa zingine tatu na nusu za kuuza. Kwa hivyo mtu akisema "kama kilo ni mbaya, mbona wanaikimbilia?", ndio hapo. Wanaikimbilia kwa sababu siku ya chai ni ndefu zaidi. Saa yenyewe hailipi zaidi sana.

16/
Halafu kuna vita vya "kiwango cha chini cha mshahara". Hapa chunga sana, kwa sababu jedwali si moja. Wafanyakazi wa kilimo wana jedwali lao, na wa mijini wana lao. Kwa viwango vya Mei 2022, mfanyakazi wa shamba asiye na ujuzi maalum aliwekewa Sh 7,544.66 kwa mwezi, na kibarua wa kawaida wa Nairobi Sh 15,201.65. Ni karibu mara mbili.

Ili upate saa, chukua wiki ya saa 52, zidisha kwa wiki 52, gawa kwa miezi 12. Unapata kama saa 225 kwa mwezi. Kwa kipimo hicho shamba ni Sh 33.50 kwa saa na Nairobi ni Sh 67.60.

17/
Sasa weka ile 60 yetu katikati. Anayeshika jedwali la Nairobi atapiga kelele kwamba mchumaji yuko chini ya kiwango. Anayeshika la kilimo atasema yuko juu karibu mara mbili. Wote wamesoma Gazeti Rasmi la Serikali, ila kila mmoja amechagua ukurasa wake. Linalohusu mchumaji ni la kilimo, hata kama wewe, kama mimi, unaona ni dogo. Kama ni dogo, basi gombania jedwali lenyewe. Viwango vimepandishwa tangu hapo, kwa hivyo ukibishana leo chukua tangazo jipya zaidi, na ukumbuke ni mshahara wa msingi bila marupurupu ya nyumba.

Na wiki ya kiangazi? 29.60 iko chini hata ya hiyo 33.50. Hilo wastani wa mwaka unalificha.

18/
Kuna kitu kingine daftari lilionyesha. Kila kikapu kikipimwa, karani wa shamba anatoa kilo 2 "za kikapu". Tulipima kikapu kitupu, kikawa kilo 1. Anapima mara mbili kwa siku, kwa hivyo kilo 2 zinapotea kila siku. Kwa Sh 12 ni Sh 24 kwa siku, Sh 144 kwa wiki ya siku sita. Igawe kwa saa 57, ni Sh 2.50 kwa kila saa. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya gambuti na plastiki, na hakuna mwanasiasa aliyewahi kuitaja. Ukilipwa kwa kilo, mizani ndiyo saa yako ya ukutani. Pima kikapu kitupu mbele ya karani.

19/
Sasa tuje kwa suluhisho, maana kila mtu huahidi "tutaongeza bei ya kilo". Sawa. Lakini hebu fikiria lori lije saa moja mapema kila siku. Wiki ya mwezi wa tano inashuka kutoka saa 57 hadi 51:

3,972 ÷ 51 = Sh 77.90 kwa saa

Ili upate hiyo hiyo bila kugusa lori, bei ya kilo ingebidi ipande kutoka 12 hadi karibu 13.40. Mkulima mdogo, ambaye naye anangoja malipo ya kiwanda, atakuambia hana hiyo shilingi na senti arobaini. Ratiba ya lori haimgharimu yeye chochote.

20/
Nikiwa mkweli, lori la mapema haliongezi pesa mfukoni jioni hiyo. Mama atabaki na Sh 3,972 zake. Linamrudishia saa 6 kwa wiki, na zina thamani tu kama ana la kufanya nazo. Yeye alisema ana sukumawiki ya kumwagilia. Mwingine angesema afadhali shilingi. Hesabu ya saa haikuamulii hilo. Inakuonyesha tu unabadilisha nini na nini.

21/
"Basi tulipe wote kwa saa, tumalize." Ngoja. Kuna mahali wanasema wanalipa kwa siku, lakini siku haihesabiwi mpaka ufikishe kilo fulani. Ukikosa kilo mbili, unaandikiwa nusu siku. Hiyo ni malipo ya kilo yaliyovaa koti la mshahara wa siku. Njia ya kuyatambua ni kuuliza swali moja: siku ya mvua ya mawe, majani yakikosa, nalipwa ngapi? Jibu likiwa "kulingana na kilo", unajua uko wapi.

22/
Mbona hesabu hii haifanywi? Sababu moja iko kwenye sheria. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri atoe karatasi ya maelezo ya mshahara, lakini kinawaacha nje vibarua na wanaolipwa kwa kipande. Kwa hivyo mtu ambaye malipo yake ni magumu zaidi kuyaelewa ndiye hapewi karatasi. Kilo zinaandikwa na karani. Saa haziandikwi na mtu yeyote. Na bila saa, kila mwenye kipaza sauti yuko huru kuchagua nambari yake kati ya 30 na 103.

23/
Kwa hivyo safari ijayo mtu akisimama jukwaani kwenu na nambari ya "kwa saa", muulize matatu. Je, umehesabu kungoja na siku za kurudishwa? Ni msimu gani? Kilo ni za kabla au baada ya kikapu kutolewa? Asipojibu hata moja, hiyo nambari ni ya kupigiwa makofi tu.

24/
Kama unachuma chai, unavuna kahawa kwa debe, unapasua kokoto kwa toroli au unashona kwa kipande, andika wiki moja: saa ya kufika, saa ya kuondoka, ulichopimiwa, ulicholipwa. Andika na ile siku uliyorudishwa mkono mtupu. Weka nambari hapo chini bila jina la mwajiri, tutapiga hesabu pamoja. Mama ameshaanza safu mpya kwenye daftari lake. Juu yake ameandika "saa".